Kijisanduku cheusi nyuma ya mota

Tazameni picha hii. Feni imefunguliwa, kava halipo, mapanga hayapo. Maswali ni mawili: ni feni gani kati ya pangaboi la darini, ya kutoa hewa, ya kusimama na ya ukutani, na kapasita yake iko wapi. Nikiuliza ni feni gani, wengi mtaanza kuyatafuta mapanga, na aliyefungua keshayaweka kando. Kwa hiyo tuisome mota.

Shafti imetokeza pande zote mbili. Mbele ndiko panga linakofungwa. Nyuma ina meno, inaingia kwenye kikasha cha gia, kile kinachoigeuza shingo ya feni kushoto na kulia. Pangaboi la darini halina gia hiyo. Koili zake zimetulia katikati, kinachozunguka ni kasha la nje lililobeba mapanga, na nyaya hupita ndani ya shafti yenye tundu. Feni ya kutoa hewa nayo haigeuzi shingo. Imekaa kwenye fremu yake, basi.

Tumebaki na mbili, ya kusimama na ya ukutani, na hapa mota haitusaidii kwa sababu zinafanana mno. Lakini angalieni ukingoni mwa picha: kamba mbili nyembamba zinaning'inia, moja ya kubadili kasi, nyingine ya kugeuza shingo. Hii ni ya ukutani. Ya kusimama kwa kawaida ina vitufe kwenye mlingoti. Kama mpiga picha angeziacha zile kamba nje ya picha, ningejibu "mojawapo ya hizo mbili" na nisiongeze neno.

Sasa kapasita. Juu ya mota kuna vitu viwili vinavyowachanganya watu. Kile kikasha cha plastiki chenye kifundo juu ni gia, na kimeungana na shafti. Kapasita ni hiki kijisanduku cheusi cha pembe nne, kimefungwa kwa skrubu moja, kinatoa nyaya mbili tu. Sogezeni picha msome ubavuni: CBB61, 1.5µF, 450VAC. CBB61 ni aina ya kapasita na µF ndicho kipimo cha uwezo wake, kwa hiyo hapo hakuna ubishi tena. Nyaya hizo zinaelekea kwenye koili ya kuanzishia, na kazi ya kapasita ni kuufanya mkondo wa koili hiyo upishane na ule wa koili kuu, ndipo mota ipate upande wa kuzungukia.

Msiitafute kwa lazima, lakini. Feni nyingi ndogo za kutoa hewa hazina kapasita kabisa. Badala yake mtaona pete nene za shaba zimebana pembe za chuma cha mota. Niliwahi kumwona mwanafunzi akiizungushia duara swichi, kisa tu aliamini kapasita haiwezi kukosekana.

Na picha ina mpaka wake. Kapasita iliyovimba au kupasuka mtaiona. Iliyopungua nguvu inabaki nzima kwa macho, huku feni inavuma bila kuanza mpaka uisukume panga kwa kijiti. Hiyo hupimwa kwa mita, umeme ukiwa umekatwa na kapasita imetolewa chaji. Ikisoma 0.6µF mahali pa 1.5µF, inabadilishwa kwa yenye 1.5µF ileile na volti zisizopungua 450.