"Nimefaulu", lakini "Wamenifelisha"

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa. Na nyie vijana mnaokwenda mazoezini mwezi ujao, hamjambo.

Matokeo yakitoka, mtoto aliyepata A anasema "nimefaulu". Aliyepata F anasema "wamenifelisha". Ghafla mtenda kageuka mtendwa! Sisi je? Ukiwahi kazini, uliamka mapema. Ukichelewa, foleni ya Ubungo. Tangu nizaliwe hapa Dar sijasikia mtu akisema, "Leo nimewahi kwa vile barabara ilikuwa nyeupe."

Wanasaikolojia wanauita upendeleo wa nafsi: likiwa zuri nimelifanya mimi, likiwa baya limenikuta. Wengi hudhani ni majivuno tu. Mimi siamini hivyo, na jaribio moja la Marekani la mwaka 1964 litatusaidia.

Johnson na wenzake waliwapa wanachuo kazi ya kufundisha wavulana wawili kuzidisha, bila kuwaona. Mmoja alifanya vizuri mwanzo hadi mwisho. Wa pili alianza vibaya. Somo la pili, kwa baadhi ya walimu akapanda, kwa wengine akabaki chini. Majibu yote yalipangwa na watafiti. Alipopanda, mwalimu alisema nimemfundisha vizuri. Alipobaki chini, tatizo likawa la mtoto.

Mwaka 1975 Miller na Ross wakaleta pingamizi ninalolipenda sana. Mwalimu yule alijitahidi zaidi mara ya pili, walisema. Juhudi ikipanda na alama zikapanda, ni haki kuviunganisha. Juhudi ikipanda na alama zisisogee, atamtazama nani? Yule ambaye hajabadilika, yaani mtoto. Hapo hakuna kiburi, ni hesabu ya mtu anayetazama kilicho mbele yake.

Lakini hesabu hiyo ina tundu, nami nimetumbukia humo. Nilikuwa na kijana wa darasa la tano aliyejumlisha nusu na theluthi akapata 2/5: juu kwa juu, chini kwa chini. Nikarudia somo. Bado 2/5. Nikarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, chaki ikanivunjikia mkononi. 2/5. Ofisini nikasema mtoto mzito. Kumbe kulikuwa na vitu viwili ambavyo havikubadilika: yeye, na maelezo yangu. Nilichoongeza ni sauti. Na kosa linalorudi vilevile mara tatu si la mtoto asiyejaribu, ni la mtoto mwenye kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu. Nilipaswa kumuuliza swali moja tu: nusu chapati na 2/5 ya chapati, ipi kubwa? Angeona mwenyewe kwamba amejumlisha akapata pungufu ya alichoanza nacho.

Muhula uliofuata akaja anazijua sehemu zote. Nilitamba ofisini wiki nzima kwamba hatimaye somo langu limeingia. Mama yake alipokuja kikao cha wazazi ndipo nikajua: kaka yake alikuwa akimkatia chapati kila jioni.