Iacheni hiyo "encor" ya Hugo

Nitaanza na herufi moja, na walionisikia zamani wataguna: amerudi na ile "e" yake. Nimerudi nayo, kwa sababu juzi tu nimefungua kitabu cha shule, sikitaji, nikaikuta imepachikwa tena.

Mnalijua shairi la Victor Hugo la kumpinga Louis-Napoléon, lililo katika Les Châtiments ya 1853, alipokuwa uhamishoni. Beti la mwisho lina mshororo huu: "Ils ne sont plus que cent, je brave encor Sylla". Kamusi zinaandika "encore". Basi mhariri wetu, kijana mwenye bidii, kaona herufi imepungua, kairudisha. Kazi imekwisha, akalipwa.

Hebu tuhesabu. Huu ni mshororo wa aleksandrini, mizani kumi na mbili, vipande viwili vya sita sita. Ils-ne-sont-plus-que-cent: sita. Je-bra-v'en-cor-Syl-la: sita. Ile "e" ya mwisho wa "brave" imemezwa kwa sababu inafuatwa na irabu. Sasa weka "encore". Inafuatwa na S, ambayo ni konsonanti, kwa hiyo "e" haimezwi, inahesabiwa: je-bra-v'en-co-re-Syl-la. Saba! Mshororo umekuwa na mizani kumi na tatu, na aliyeuvunja ndiye anayedhani ameutengeneza.

Najua kuna atakayesema, "Lakini mwalimu, Wafaransa wa leo hawaitamki hiyo e." Sokoni hawaitamki. Katika ubeti wa Hugo inahesabiwa. Nanyi mliosoma tungo za Kiswahili msijifanye wageni: hii ni inkisari, neno limefupishwa mizani zitimie. Hakuna anayemsahihisha malenga wa Lamu kwa kalamu nyekundu kila anapofupisha neno. Kwa nini Hugo?

Dalili ya kwanza kuwa mshairi amekusudia, basi, ni kwamba ukisahihisha, kitu kingine kinaharibika. Kosa la kweli kwa kawaida haliko hivyo. Ukiliondoa, mshororo unapumua. Dalili ya pili ni mazoea: "encor" imo kwa washairi wa Kifaransa wa karne nyingi kabla ya Hugo. Mchapaji aliyesinzia hawezi kusinzia karne tatu.

Ila msiigeuze mizani kuwa hakimu wa kila kesi. Mshororo unaofuata ni "S'il en demeure dix, je serai le dixième". Mtu anayeandika kwa kukumbuka tu, akichanganya na mshororo wa chini yake, anaweza kuandika "S'il n'en reste que dix". Hesabu: s'il-n'en-res-te-que-dix. Sita kamili! Sarufi safi, maana ile ile, na bado si maneno ya Hugo. Hapo vidole havisaidii. Fungua toleo alilolichapisha mwenyewe. Vivyo hivyo "encore" ikifuatwa na irabu: uandike kwa "e" au bila "e", hesabu ni moja, kwa hiyo unafuata toleo, hukisii.

Sasa Booz endormi, ya 1859, kisa cha Ruthu na Boazi. "Tout reposait dans Ur et dans Jérimadeth." Uru tunaujua. Jérimadeth uko wapi? Tafuta Biblia nzima na ramani zote, haupo. Mwenye haraka atasema jina limekosewa, aweke mji mwingine. Polepole! Shuka mishororo mitatu: "et Ruth se demandait". Kina ni "-dait". Na ukiutamka mji huo kwa Kifaransa unasikia "j'ai rime à dait", yaani nina kina cha "dait". Wengi wanaona mzee alikuwa anatutania. Wapo wanaoona ni jina la Biblia lililopotoshwa. Mimi niko na wanaocheka, ila kwa mhariri haidhuru nani yuko sahihi: ukiuondoa mji, "demandait" inabaki bila mwenzake.

Naambiwa muda umekwisha. Apollinaire basi, mbio mbio. Le Pont Mirabeau ilitoka jaridani 1912 ikiwa na alama za uandishi. Katika Alcools ya 1913 amezifuta, kitabu kizima. "Coule la Seine / Et nos amours": je, mapenzi yanatiririka pamoja na mto, au yanaanza sentensi mpya? Ukiweka nukta umemchagulia. Na anayelalamika kuwa "coule" ni umoja na vitu ni viwili, Kifaransa kinaruhusu kitenzi kilichotangulia kufuata nomino iliyo karibu. Unayo shaka? Iandike chini ya ukurasa, mshororo uuache.

"Avecque" na "jusques" nilikuwa nimeziandaa, zisubiri. Maswali.