Tendua, pakua, sanidua: kiambishi cha zamani ndani ya simu yako

Haya jamani, mmenipa nusu saa niongelee maneno ya teknolojia yanavyotungwa, na najua mlitegemea nije na tarakilishi na ngamizi, yale majina ya kompyuta, tucheke kidogo. Hapana, hizo leo naziacha, twende kwenye vitenzi, kwa sababu kitenzi kikikaa vizuri watu wanakinyambua wenyewe bila kufundishwa na mtu.

Chukua simu, futa imeili moja kwenye Jimeil. Pale chini kinatokea kineno, Tendua. Umetenda, sasa unatendua. Hiyo -ua mnaijua toka utotoni: funga fungua, ziba zibua, kunja kunjua, kuna na zile zinazoanzia kwenye -ika kama bandika bandua, anika anua nguo mvua ikianza. Kazi yake ni kurudisha nyuma kilichofanyika. Na mzizi ukiwa na o, inakuwa -oa, ndo maana chaja tunachomeka halafu tunachomoa, hakuna anayesema chomua. Kwahiyo aliyetunga tendua hakuokota kitu kipya, alichukua tend- akaweka -ua, basi, na sisi ambao kila siku tunasikia kwenye redio uteuzi wa fulani umetenguliwa sikio lilikuwa tayari limeandaliwa 😂

Pakua na pakia ndo pazuri zaidi. Hizi hazikutungwa kabisa, zilipewa tu kazi nyingine. Pakia ni kuweka mizigo chomboni, pakua ni kuishusha, na nyumbani pakua ni kutoa chakula chunguni. Faili likitoka kwenye seva kuja kwako unalipakua, likienda kule unalipakia. Shida ni kwamba yanatofautiana irabu moja tu, mtu akiandika haraka "nimepakia wimbo" hujui ameutoa au ameuweka, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo wengi wanabaki na kudaunlodi, ndefu lakini haichanganyi.

Sasa sikilizeni hapa, mimi hapa ndo huwa napapenda. Pakua ukiipeleka kwenye kutendwa inakuwaje? Imepakuliwa. Hiyo L imetoka wapi, mbona kwenye pakua haipo? Ilikuwepo. Zamani hivi vitenzi viliishia na -ula, Kiswahili kikaidondosha L katikati ya irabu, lakini ukiongeza kiambishi mbele yake inarudi: fungua, funguliwa, fungulia. Nenda Lubumbashi usikilize Kiswahili cha kule, wanasema kufungula mlango, kwao haijadondoka.

Halafu njoo kwenye sanidua, ile unaibonyeza ukitaka kuondoa programu kwenye Androidi. Hii ni ya kutungwa kweli, imetoka kwenye sanidi, na sanidi asili yake ni Kiarabu. Sasa vitenzi vya Kiarabu tunavinyambua sana, safiri safirisha, rudi rudisha, ila -ua hatuviwekei, hakuna anayesema amesafirua akimaanisha ameghairi safari. Ndo maana sanidua mara ya kwanza inakugonga sikio, unahisi kuna kitu hakijakaa sawa ila hujui ni nini. Ni hicho. Lakini angalia, ukishaiondoa programu unaambiwa imesaniduliwa! Neno la juzi juzi, mzizi wake haujawahi kuwa na hiyo L, na bado L imekuja, kwa sababu kanuni haiulizi neno lina miaka mingapi.

Sasisha nayo ina njia yake, sasa + -isha, kufanya kitu kiwe cha sasa. Mwingine anasema hiyo ni ya kulazimisha, mi naona hapana, mbona tayari imezaa tayarisha, bora ikazaa boresha, hakika ikazaa hakikisha na hakuna aliyelalamika? Iko kwenye reli ileile, na ndo maana imeshika haraka hata magazetini, kusasisha taarifa.

Ila -ua haifiki kila mahali, msiondoke hapa mkadhani ni dawa ya kila kitu. Kwanza sio kila -ua inarudisha nyuma, kununua sio kinyume cha kununa 😅. Pili kuna mizizi inaigomea. Umemzuia mtu kwenye simu, sasa unataka kumrudisha, zuia uiweke -ua upate nini, zuiua? Haitamkiki. Fuata nayo, fuatua hapo nani atakuelewa? Kwahiyo tunarudi kwenye maneno mawili, ondoa kizuizi, acha kufuata, na mtaani ni anblok na anfolo na maisha yanaendelea.

Haya, maswali. Dada pale nyuma, naona mkono umekuwa juu toka kwenye pakua.