Namba ya Kusimamisha Jaribio: Ukurasa Mmoja wa Hati ya Kamati

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Hati ya kamati huru ya kufuatilia takwimu za jaribio la dawa huwa na kurasa nyingi: wajumbe ni nani, wanakutana lini, kikao cha wazi ni kipi na cha faragha ni kipi. Leo nitakaa kwenye ukurasa mmoja tu, ule unaosema jaribio lisimame lini.

Tuchukue klozapini, dawa ya skizofrenia isiyosikia dawa nyingine. Mwaka 1975 huko Ufini wagonjwa wanane walifariki baada ya chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, yaani nyutrofili, kuporomoka. Dawa ilirudi baadaye kwa sharti la kupima damu kila wiki mwanzoni. Tuseme basi tuna jaribio la washiriki 240: 120 wanapewa klozapini, 120 haloperidoli.

Kwanza, tusichanganye mambo mawili. Kumsimamishia dawa mshiriki mmoja ni kazi ya daktari wa kituo, na inafuata kipimo. Kwa watu wengi, nyutrofili zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita moja ya damu, dawa inakatizwa. Kusimamisha jaribio zima ni jambo jingine, na hapo ndipo kamati inapoingia.

Lakini kuna watu wengi, hasa wenye asili ya Afrika, ambao nyutrofili zao ni chache tangu kuzaliwa na hawaugui kwa sababu hiyo. Mwenye kiwango cha kawaida cha 1,300 akishuka hadi 900, kanuni ya watu wengi itamtoa bure. Kwa hiyo hati itake kila mshiriki apimwe angalau mara mbili kabla ya dozi ya kwanza. Anayethibitika kuwa na hali hiyo anaendelea na dawa kati ya 500 na 999, akipimwa mara tatu kwa wiki, na inakatizwa chini ya 500. Jaribio linalofanyika Dodoma au Kisumu bila kifungu hiki litapoteza washiriki, na kamati itaona hatari ambayo haipo.

Sasa namba yenyewe. Tukio tunalohesabu ni nyutrofili chini ya 500, likathibitishwa kwa sampuli ya pili ndani ya saa 24. Tunakubali kwamba klozapini inaweza kulileta kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Hati yetu inaandika hivi: matukio 3 katika watu 40 wa kwanza wa klozapini, 4 katika 80, au 5 katika 120, uandikishaji unasitishwa na kamati inakutana. Kwa nini namba hizo? Kama hatari ni ile 1 kwa 100 tuliyoikubali, uwezekano wa kufikia kila mpaka kwa bahati mbaya tu haufiki 1 kwa 100. Kama kweli ni 5 kwa 100, ifikapo mwisho mpaka utakuwa umefikiwa zaidi kidogo ya mara 7 kati ya 10. Si kinga kamili, na wajumbe wanapaswa kujua hivyo kabla ya kutia sahihi.

Penye makosa mengi ni kwenye hao watu 40. Hatari hii hujikusanya zaidi katika wiki 18 za mwanzo. Ukihesabu 40 walioandikishwa, na 25 kati yao wako wiki ya tatu, utaona tukio 1 na kupumua, kumbe hatari haijawafikia. Hati iseme: 40 waliomaliza wiki 18 au walioacha dawa kabla ya hapo. Aliyeacha asifutwe, damu yake iendelee kupimwa kwa wiki 4. Matukio nayo yanahesabiwa kwa wote walioonja dawa: la tatu likitokea wakati watu 25 tu wamemaliza, hakuna kusubiri wa 40.

Kwa kujiua, mimi siafiki kuweka mpaka wa kuhesabu peke yake. Kila jaribio la kujiua na kila kifo kimfikie mwenyekiti ndani ya saa 24, pamoja na kundi la mshiriki kutoka kwa mtakwimu asiyehusika na uendeshaji. Mgonjwa anayekosa dawa iliyokuwa ikimtuliza naye yuko hatarini, kwa hiyo kamati iangalie makundi yote mawili.

Mwisho, kamati haifungi jaribio, inapendekeza. Hati itaje barua inamfikia nani kwa mfadhili, ndani ya siku ngapi anajibu, na kwamba akikataa pendekezo, sababu zake zinapelekwa kwa kamati ya maadili kwa maandishi. Wakati anafikiri, dozi mpya hazitolewi kwa mtu ambaye hajaanza.