Hongo kwenye vocha za mteja: mkaguzi anamwambia nani?

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tunazungumzia jambo ambalo vijana wa ukaguzi wananiuliza kila nikikutana nao Posta wakati wa chakula cha mchana. Umeingia kwa mteja, umefungua mafaili, umekuta uvunjaji wa sheria. Umeapa kutunza siri. Unafanyaje? Kaka Gervas, karibu.

GERVAS: Asante, dada Mwana. Nikwambie ukweli, swali lenyewe linaulizwa vibaya. Wengi wanauliza, "Niseme au ninyamaze?" Mkaguzi hana machaguo mawili tu ya namna hiyo. Anachotakiwa kujua ni nani wa kwanza kuambiwa, nani wa pili, na ni sheria gani inayomlazimisha au kumruhusu.

MWANAIDI: Basi tusiongee hewani. Tutunge mfano.

GERVAS: Sawa. Kampuni ya familia inaagiza vitambaa kutoka nje na kuviuza kwa jumla Kariakoo. Faida kabla ya kodi ni milioni 800. Kijana wa timu anapitia gharama za bandarini, anakuta malipo matatu kwa wakala wa forodha, milioni 6 kila moja. Hakuna risiti ya EFD. Maelezo ya vocha yanasema "gharama za kufuatilia".

MWANAIDI: "Gharama za kufuatilia"! Hiyo tumeiona wengi.

GERVAS: Anaomba viambatisho. Mhasibu wa mteja, labda kwa haraka, anampa faili zima, na ndani kuna baruapepe ya wakala imechapishwa: "Ya afisa ni 6 kwa kontena." Kontena zilikuwa 3. Halafu kwenye faili hilo hilo zipo ankara mbili za mzigo mmoja. Ile iliyolipwa kwa benki ni milioni 400. Ile iliyowasilishwa forodha ni milioni 250.

MWANAIDI: Kwa hiyo kuna hongo, na kuna thamani iliyoshushwa.

GERVAS: Makosa mawili, na uyashike hivyo hivyo mawili, maana huko mbele yatatengana. Tupige hesabu ya la pili. Tofauti ni milioni 150. Tuseme ushuru wa forodha kwa bidhaa hiyo ni asilimia 25: hapo ni milioni 37.5. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya milioni 187.5, inakuja milioni 33.75. Jumla milioni 71.25, bila tozo nyingine, riba wala adhabu.

MWANAIDI: Na kiwango cha umuhimu alichojiwekea mkaguzi?

GERVAS: Tuseme alichukua asilimia 5 ya faida, milioni 40. Kodi iliyofichwa imeshavuka. Hongo ni milioni 18, haijavuka. Na hapa ndipo vijana wanateleza. Wanaandika "chini ya kiwango" na kufunga karatasi ya kazi. Kile kiwango kinapima kama hesabu zinampotosha msomaji. Kanuni za maadili zinauliza kitu kingine: je, jambo hili ni dogo kiasi cha kutokuwa na athari yoyote ya maana? Hongo kwa afisa wa serikali haiingii kwenye kundi hilo hata ingekuwa laki mbili.

MWANAIDI: Tuwaambie wasikilizaji kanuni hizo zinatoka wapi.

GERVAS: NBAA inasimamia taaluma ya uhasibu hapa nchini, na maadili tunayofuata yanatokana na kanuni za IESBA, bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu. Zamani kanuni zilikuwa nzito upande wa siri. Mwaka 2016 IESBA ikatoa utaratibu wa nini mhasibu afanye akikuta uvunjaji wa sheria, ukaanza kutumika Julai 2017. Upande wa kazi ya ukaguzi yenyewe kuna ISA 250, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kinachohusu sheria na kanuni. Kilichobadilika ni kwamba siri haikuwa tena ngao ya mkaguzi anayetaka kuangalia pembeni.

MWANAIDI: Haya, kijana ameona ile baruapepe. Ni saa nane mchana, yuko chumba cha mikutano cha mteja, mhasibu anapita na chai. Afanye nini?

GERVAS: Asimwonyeshe mhasibu. Asipige picha kwa simu yake binafsi na kumtumia rafiki. Nakala iingie kwenye karatasi za kazi kwa njia ya kawaida ya ofisi, halafu ampigie kiongozi wa timu, na jambo lifike siku hiyo hiyo kwa patna, yaani mbia wa kampuni ya ukaguzi anayebeba dhamana ya kazi hiyo. Kijana haendi TAKUKURU peke yake akiwa na fulana ya kampuni. Uamuzi wa kutoa nje ni wa patna.

MWANAIDI: Na mke wake je? Mume wake?

GERVAS: (anacheka) Hasa huyo. Siri inavuja kwenye foleni ya mwendokasi na mezani nyumbani kuliko inavyovuja kwa wadukuzi. Kanuni zinataja hata ndugu wa karibu na washirika wa kibiashara: uwe macho usije ukateleza bila kukusudia.

MWANAIDI: Patna amepata taarifa. Moja kwa moja kwa mteja?

GERVAS: Hapana, kwanza kwa mwanasheria. Naona ofisi nyingi zinaruka hatua hii. Utaratibu wa kawaida unasema zungumza na uongozi, ngazi moja juu ya mhusika, kisha na wanaosimamia kampuni, yaani bodi ya wakurugenzi. Ni utaratibu mzuri, maana mara nyingine bosi hajui kabisa. Lakini tuna Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya 2006. Wahasibu wamo kwenye orodha ya wanaotakiwa kutoa taarifa za miamala ya kutia shaka kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, na kumtonya mhusika kwamba ameripotiwa ni kosa. Sasa ukikimbilia kwa mteja na kumwambia tunakupeleka kule, umeingia wewe kwenye kosa.

MWANAIDI: Kumbe mazungumzo na uongozi yenyewe yana mipaka.

GERVAS: Yanayo. Unaweza kumuuliza kuhusu ankara mbili, maana hilo ni swali la ukaguzi, ungeliuliza hata hivyo. Humwambii umepeleka wapi. Na kuomba ushauri wa siri kwa mwanasheria au kwa NBAA si kuvunja siri, kanuni zinaruhusu.

MWANAIDI: Sasa hii ni kampuni ya familia. Mkurugenzi wa fedha ni mtoto, mkurugenzi mtendaji ni baba, bodi ni baba, mama na mtoto. Ngazi ya juu iko wapi?

GERVAS: Haipo. Ndiyo hali ya wateja wengi hapa mjini. Lakini kwenda kwa mzee bado kuna maana, kwa sababu namna atakavyojibu ni ushahidi. Tuseme patna anakaa naye. Mzee anasema, "Kwa kodi mna haki, nitakwenda TRA mwenyewe nirekebishe. Ila hiyo nyingine acheni, bandarini kila mtu anatoa."

MWANAIDI: Jibu la Kitanzania kabisa.

GERVAS: Kwa kodi, amefanya linalotakiwa. Mkaguzi asiishie kwenye neno lake. Aone barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, aone deni la milioni 71.25 na makadirio ya adhabu limeingia kwenye hesabu. Lisipoingia, ni hati yenye shaka, na hiyo ripoti ya ukaguzi ni njia halali ya kusema jambo hadharani. Je, mkaguzi alazimike kwenda TRA yeye mwenyewe? Kwa kanuni za maadili, kutoa taarifa kwa mamlaka ni haki uliyopewa pale maslahi ya umma yanapodai, na sheria isipokuzuia. Mteja anayejirekebisha anapunguza sana hoja ya wewe kwenda.

MWANAIDI: Na TRA wakija wenyewe na barua ya kudai nyaraka?

GERVAS: Hilo ni jambo lingine. Hapo sheria inakuagiza, unatoa kile walichoomba kwa mujibu wa sheria. Hutoi kabati zima.

MWANAIDI: Tumebakiwa na hongo.

GERVAS: Hongo ndiyo yenye mwiba. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamtaka kila anayejua kwamba kosa la rushwa limetendeka, au linakusudiwa, atoe taarifa kwa TAKUKURU. Kila mtu. Kwa hiyo lile neno "haki" nililotumia kwenye kodi, hapa halipo tena. Ndani ya faili moja, mteja mmoja, kosa moja linakupa nafasi ya kupima, jingine linakuagiza.

MWANAIDI: Lakini nikubishie kidogo. Sheria inasema anayejua. Vocha bila risiti si kujua, ni kushuku.

GERVAS: Umenena. Kama ingekuwa vocha peke yake, ningesema hujui bado. Wakala huenda alikula mwenyewe. Lakini unayo baruapepe inayotaja afisa na kiasi, malipo yanalingana na idadi ya kontena, na mzee amekiri kwa kinywa chake. Hapo kusema "nashuku tu" ni kujidanganya. Hilo ndilo swali la kumpelekea mwanasheria kwa maandishi, na jibu lake liingie kwenye faili.

MWANAIDI: Taarifa yenyewe inakuwaje?

GERVAS: Fupi. Ulichokiona, tarehe, kiasi, nyaraka ulizonazo. Usiandike "afisa fulani ni mla rushwa", andika "tumeona malipo matatu ya milioni 6 na baruapepe inayosema hivi". Na iende kwa mamlaka, kwa nia njema. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 imejengwa juu ya taarifa inayopelekwa kwa mamlaka husika. Ukimpelekea mwandishi wa habari au kuirusha mtandaoni, sijui utajitetea na nini.

MWANAIDI: Wengine wanasema wao hujiuzulu tu, mambo yaishe.

GERVAS: Kujiuzulu kunaruhusiwa, lakini hakufuti wajibu wa kifungu cha 39, na kanuni zinasema wazi hakuchukui nafasi ya hatua nyingine. Tena kuna jambo wengi hawalijui. Mkaguzi mpya akikuandikia kuuliza kuna sababu gani asiikubali kazi hiyo, na wewe uliondoka kwa sababu ya uvunjaji wa sheria, unatakiwa kumpa taarifa zote muhimu kuhusu jambo hilo hata mteja akikataa kukupa ruhusa, isipokuwa sheria inakukataza.

MWANAIDI: Hata mteja akikataa?

GERVAS: Hata akikataa. Ndiyo maana mkaguzi mpya asipouliza, au akauliza kwa simu bila kuandika, mimi namtilia shaka yeye. Barua iwepo, na majibu yawepo.

MWANAIDI: Wiki ijayo tunaanzia hapo hapo, barua ya mkaguzi mpya. Nimeshapokea mbili mwezi huu, na zote zimeandikwa kwa mstari mmoja.

GERVAS: Niletee, tuzisome hewani, bila majina.