Gari la Moshi Liliondoka Saa Ngapi?

NEEMA: Karibuni tena, tupo Moshi. Leo tuna fumbo moja tu la hesabu, limeletwa na mzazi mmoja wa Arusha. Mwalimu, nalisoma kama lilivyo. "Kosta inaondoka Arusha kwenda Moshi saa 2:00 asubuhi kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa. Noa inaondoka Moshi kwenda Arusha kwa mwendokasi wa kilomita 40 kwa saa. Umbali ni kilomita 80. Zitakutana saa ngapi?" Mtoto amejibu saa 2:48 akapewa kosa. Mzazi anauliza kosa liko wapi.

MWALIMU: Kabla ya kosa, tuone alifikaje hapo, maana hesabu yake ni safi. Magari yanakuja yakielekeana, kwa hiyo kila saa yanapunguza kilomita 60 na 40, jumla 100. Umbali ni 80. Themanini kwa mia ni saa 0.8, yaani dakika 48. Saa 2:00 ukiongeza dakika 48, unapata 2:48.

NEEMA: Sasa mbona si sahihi?

MWALIMU: Nisomee tena ile sentensi ya noa. Inaondoka saa ngapi?

NEEMA: "Noa inaondoka Moshi kwenda Arusha kwa mwendokasi wa..." Haijasema.

MWALIMU: Haijasema. Mtoto ameweka saa 2:00 kichwani bila kuiandika popote. Na simlaumu, kwa sababu mafumbo mengi ya namna hii husema "wakati huohuo", na jicho limezoea kuliona neno hilo hata pale ambapo halipo.

NEEMA: Lakini mzazi anaweza kusema, si dhana ya kawaida tu hiyo? Mbona tunakubali kwamba kosta inakwenda 60 mwanzo mwisho, wakati sote tunajua itasimama Usa River, isimame KIA, isimame Boma Ng'ombe?

MWALIMU: Swali zuri hilo, dada Neema, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Mwendokasi usiobadilika ni makubaliano ya somo zima. Aliyetunga fumbo, anayelifanya na anayelisahihisha wote wanalichukua hivyo, na fumbo lenyewe limetupa ile 60. Saa ya kuondoka noa haina makubaliano ya namna hiyo. Kila mtu anaweza kuweka yake, na jibu litabadilika.

NEEMA: Litabadilika kiasi gani?

MWALIMU: Tujaribu. Tuseme noa iliondoka saa 2:30. Kwa nusu saa hiyo kosta imeshakata kilomita 30, zimebaki 50. Hamsini kwa mia ni nusu saa nyingine. Wanakutana saa 3:00 kamili. Sasa tuseme noa iliwahi, ikaondoka saa 1:30. Kufikia saa 2:00 imeshakata kilomita 20, zimebaki 60, ambazo ni dakika 36. Wanakutana saa 2:36.

NEEMA: Kwa hiyo tuna 2:36, tuna 2:48, tuna 3:00, na hakuna aliyekosea kugawanya wala kujumlisha.

MWALIMU: Hakuna. Na msahihishaji akiona 2:48 peke yake kwenye karatasi, hawezi kujua kama mtoto alifikiri au alibahatisha. Hilo ndilo linaloniumiza kama mwalimu, maana ile namba ya kubuni imejificha ndani ya jibu, na mtoto mwenyewe hajui kwamba ameiweka.

NEEMA: Basi kila fumbo lenye pengo tuulize?

MWALIMU: Hapana, maana kuna pengo la kweli na pengo la macho tu. Mfano: gari linapanda kwa mwendokasi wa 60, linarudi njia ileile kwa 30. Mwendokasi wa wastani wa safari nzima ni upi? Umbali haujatajwa.

NEEMA: Hapo ningeuliza umbali haraka sana.

MWALIMU: Hebu weka 60. Kwenda saa 1, kurudi saa 2, jumla saa 3 kwa kilomita 120. Wastani 40. Weka 30 sasa. Kwenda nusu saa, kurudi saa 1, jumla saa moja na nusu kwa kilomita 60. Wastani 40 tena. Umbali wowote utakaoweka, unajifuta wenyewe. Hapo huna haja ya kumsumbua mtu.

NEEMA: Na mtoto wa darasa la saba atajuaje lipi ni lipi bila kujaribu namba tano?

MWALIMU: Aweke herufi mahali pa pengo, aendelee na hesabu kana kwamba anaijua. Kwenye fumbo letu, tuseme noa imechelewa saa *t* baada ya kosta. Muda tangu kosta iondoke mpaka wakutane tuuite *T*. Kosta imekwenda 60*T*. Noa imekwenda 40 mara (*T* − *t*), kwa sababu ilianza baadaye. Jumla ni 80:

```
60T + 40(T − t) = 80
T = 0.8 + 0.4t
```

NEEMA: Na *t* bado ipo.

MWALIMU: Ipo, haikujifuta. Basi pengo ni la kweli. Na mstari huo unakuambia zaidi ya hapo: kila dakika 10 noa inazochelewa, kukutana kunasogea mbele dakika 4. Unakuambia pia mpaka wake. Kosta inafika Moshi saa 3:20. Noa ikiwa haijatoka mpaka saa hiyo, haziwezi kukutana njiani, na swali lenyewe linakosa maana.

NEEMA: Niliwahi kusikia jaribio moja la Ufaransa, la mbuzi na nahodha.

MWALIMU: Lile la Grenoble, karibu mwaka 1980. Watoto wa shule ya msingi waliambiwa: ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kutumia namba hizo. Wengi wangejibu 36. Lile la kwetu lina hatari zaidi, kwa sababu la nahodha ukisimama kidogo unaliona. Hili la noa linafanana kabisa na fumbo zima.

NEEMA: Sasa kuuliza kwenyewe. Mtoto yupo darasani, anaogopa.

MWALIMU: Asiseme "swali silielewi," maana mwalimu atamrudishia "soma tena." Aseme hivi: "Mwalimu, noa iliondoka Moshi saa ngapi?" Swali hilo linajibika kwa namba moja, na linaonyesha kwamba amefika mpaka pale hesabu inapokwama.

NEEMA: Na kwenye mtihani, msimamizi haruhusiwi kueleza?

MWALIMU: Anyooshe mkono hata hivyo, huenda ni kosa la uchapaji na marekebisho yapo. Asipopata, aandike wazi: "Saa ya kuondoka noa haikutajwa. Ikiwa ziliondoka pamoja, zitakutana saa 2:48." Hapo dhana iko mezani, msahihishaji anaiona.

NEEMA: Mzazi wetu alimwandikia mwalimu wa mtoto swali hilohilo, na majibu ninayo. Maneno yaliruka wakati wa kuchapa. Noa iliondoka saa 2:15.

MWALIMU: Basi *t* ni robo saa, 0.25. Zidisha kwa 0.4, unapata 0.1. Ongeza 0.8, ni saa 0.9, yaani dakika 54. Zinakutana saa 2:54.

NEEMA: Nihakiki. Kosta kwa dakika 54 ni kilomita 54. Noa imetembea dakika 39 kwa 40 kwa saa...

MWALIMU: Kilomita 26.

NEEMA: Hamsini na nne na ishirini na sita, themanini.