Kadi ya shukrani: ya pesa na ya chombo haziandikwi sawa

Hamjambo, karibuni. Leo niko mezani hapa Kisumu na kadi tupu, kalamu, na daftari la zawadi za harusi ya dada yangu. Tutaandika kadi mbili pamoja.

Fungua daftari kwanza. Kwa pesa za M-Pesa, usiamini jina la kwenye ujumbe moja kwa moja. Ona mstari huu: jina ni la kijana, lakini pesa ni za shangazi yetu wa Ahero. Alimpa mjukuu noti, mjukuu akatuma kwa simu yake. Kadi ni ya shangazi. Ukiwa na shaka, piga simu uulize.

Sasa tuandike ya pesa. Kiasi usikitaje. Kama ni lazima athibitishiwe kuwa elfu tatu zimefika, mhazini amtumie ujumbe siku ileile. Hiyo ni risiti, si shukrani. Kadi hukaa sebuleni, na jirani aliyetoa mia tano ataisoma. Badala ya kiasi, taja kazi ambayo pesa zimefanya. Tazama:

"Shangazi, shikamoo. Mkono wako tumeupokea. Tumeuongeza kwenye tangi la maji, maana mfereji wa huku hukauka siku mbili tatu. Ukija kututembelea, utanawa bila kungoja. Asante sana."

Na kama pesa ziliishia kwa hema na wapishi? Sema zilisaidia kulisha wageni. Ni kweli, na hakuna anayeaibika. Usibuni tangi ambalo halipo. Shangazi atakuja, na ataliulizia.

Kadi ya chombo inataka kitu kingine: aliyetoa ajue umekifungua. Kwenye harusi yangu niliandika "asante kwa zawadi yako nzuri" kwenye kadi zote. Mama mmoja aliyeleta blanketi akaniuliza kanisani, "Lile furushi mlilifungua kweli?" Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo taja chombo chenyewe, alama yake, na siku kilipotumika. Dada yangu alipata chupa za chai tatu. Hii ya maua mekundu ilitoka kwa Mama Otieno, basi tunaandika:

"Mama Otieno, ile chupa yenye maua mekundu ndiyo tuliyowawekea wazee chai Jumapili. Walikaa hadi jioni na chai ikabaki moto. Asante, mama."

Zile mbili nyingine hazitajwi hapa. Kila mwenye chupa anapata kadi yake, na rangi ya chupa yake. Bei pia usiiguse, wala glasi iliyofika imepasuka.

Kadi ikikauka wino, mpe mtu anayeelekea huko. Ukiamua kuipiga picha uitume kwa WhatsApp, itume kwa mhusika peke yake, si kwenye kundi la harusi.